Marehemu Aliyekuwa Hai

Mwaka 1982 mahakama nchini Uganda ilimhukumu Edmary Mpagi na binamu yake kunyongwa kwa kosa la kumuua mwanamume wa huko kwao Masaka. Daktari aliiambia mahakama kwamba alikuwa ameichunguza maiti. Mashahidi walisema yao, jaji akaandika, kesi ikaisha. Aliyedaiwa kuuawa alikuwa akila na kulala kama watu wengine.

Unaweza kujiuliza rufaa ilikuwa ya nini. Lakini mahakama ya rufaa haitumi mtu kijijini kwenda kubisha hodi. Husoma kumbukumbu za kesi na kuuliza kama sheria ilifuatwa na kama ushahidi uliotolewa unatosha. Uongo ukishaingia katika kumbukumbu hizo bila kupingwa, hupanda ngazi zote za mahakama ukiwa umevaa nguo za ukweli. Na mshitakiwa maskini, mwenye wakili aliyepewa na serikali aliyekutana naye muda mfupi kabla ya kesi, hana wa kumtafutia ushahidi mwingine.

Binamu alifia gerezani. Mpagi alibaki Luzira akisubiri, huku wenzake wakiitwa na kutorudi. Watu wa kwao waliojua ukweli waliwaandikia wakuu, serikali ikachunguza, ikakuta kweli mtu yu hai. Hata hivyo lango halikufunguliwa mpaka mwaka 2000, kwa msamaha wa rais. Alisamehewa kosa ambalo hakuna mtu aliyelitenda. Mwaka mmoja kabla ya hapo, siku moja tu, watu 28 walinyongwa katika gereza hilohilo.

Wanaotetea kitanzi hawapendezwi na makosa kama haya. Hoja yao ni kwamba kitanzi hutisha, na kwa kumnyonga mmoja tunawaokoa wengi. Ni hoja inayostahili kupimwa, ila kuipima ni kazi ngumu. Mauaji hupanda na kushuka kwa sababu ya ajira, silaha, pombe na uhodari wa polisi, na ni vigumu kutenga sehemu iliyoletwa na kitanzi peke yake. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti za zaidi ya miaka 30 na kusema kwamba haziwezi kutumika kuonyesha kama adhabu hiyo inapunguza mauaji, inayaongeza au haifanyi lolote.

Watafiti wengine walilinganisha miji miwili inayofanana kwa mengi. Singapore ilinyonga watu wengi sana miaka ya 1990, halafu ikapunguza. Hong Kong haikumnyonga mtu tangu 1966. Mauaji yalishuka kote kuwili, kwa mwendo unaokaribiana. Mimi sishangai. Anayepanga kuua hupanga pia kutokamatwa, na anayeua kwa hasira hapangi chochote.

Rwanda iliifuta adhabu hii mwaka 2007, tena bila kuacha kudai haki ya waliouawa katika mauaji ya kimbari. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha isingewapeleka Kigali watuhumiwa ambao wangeweza kunyongwa, na nchi za Ulaya nazo zilishikilia msimamo huohuo. Ilibidi kitanzi kiondoke ili washitakiwa waje. Burundi ilifuata mwaka 2009. Mwishoni mwa 2024 nchi zilizoifuta kwa makosa yote zilikuwa 113, kutoka 16 mwaka 1977. Mkondo huo una wanaoupinga, maana mwaka huohuo wa 2024 Kongo iliondoa zuio lake la muda mrefu la kutekeleza hukumu za kifo.

Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini mahakama zake hazikuacha kuhukumu. Ndiyo maana mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu kuwa kifungo cha maisha wafungwa zaidi ya 4,000 kwa mpigo. Tanzania haijanyonga tangu 1994, ila kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji nafasi: mauaji ya kukusudia yakithibitika, ni kunyongwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha jaji namna hiyo kunavunja haki ya kuishi.

Uganda ilikuwa imeshafika hapo mwaka 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake. Mahakama ya Juu iliondoa ulazima huo, kisha ikaongeza kwamba kumweka mtu zaidi ya miaka mitatu akingoja kitanzi baada ya rufaa ya mwisho ni ukatili. Ni uamuzi wa kiutu. Tatizo ni kwamba wapo wanaotoa jibu lingine kwa ukatili wa kusubiri: wanyongwe upesi. Mpagi alisubiri miaka 18. Mateso hayohayo ya kusubiri ndiyo yaliyowapa watu wa kwao muda wa kuandika barua.