Mfupi na una kichwa cha duara? Mwambie kinyozi akuachie kona

Kinyozi anakuuliza, "Tunafanyaje leo?" Unajibu, "Punguza tu, iwe sawa kote." Kwa mwanaume mfupi mwenye kichwa cha duara, hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Tuchukue mfano wa jamaa wa sentimita 162. Kichwa chake kutoka utosini hadi kidevuni ni sentimita 20, upana juu ya masikio ni 17. Akifuga nywele za sentimita 2 kote, urefu unakuwa 22 na upana 21, maana pembeni zinaongezeka pande zote mbili. Ukimtazama kwa mbele, ni mpira kabisa!

Sasa pembeni apitishe mashine namba 1, ambayo inaacha kama milimita 3, na juu aache sentimita 4. Urefu unafika 24, upana unabaki chini ya 18. Kichwa ni kilekile, ila sasa kinaonekana kirefu, na yeye mwenyewe kapanda kidogo.

Lakini namba peke yake haitoshi. Vinyozi wengi huzungusha mashine wakifuata mviringo wa kichwa, hivyo wanakula nywele pale pembeni panapokutana na juu. Ukipoteza hiyo kona, duara linarudi. Mwambie fedi ipande wima kama ukuta, aache kona, na juu akate bapa. Wakati anamalizia, tazama kioo: kama umbo la juu linafanana na yai, kona imeshaliwa. Hairudishwi siku hiyo, inabidi usubiri iote.

Mstari wa mbele nao achonge palepale nywele zinapoanzia. Kama una ndevu, zipunguze mashavuni na uziache kidogo kidevuni, zinavuta uso chini.

Je, ukiacha sentimita 8 utaonekana mrefu zaidi? Hapana. Jicho hulinganisha kichwa na mwili, na kichwa kikizidi ukubwa, mwili ndio unaonekana mfupi. Kwa mtu wa kimo hiki, 3 hadi 5 zinatosha. Kipara nacho ni cha kufikiria mara mbili, kwa sababu kinaanika duara lote.

Kama sasa una sentimita 2 tu, usinyoe juu kwa miezi 2 hadi 3, maana nywele huota karibu sentimita 1 kwa mwezi. Nywele za kipilipili hujikunja, kwa hiyo zivute kwa chanuo kabla ya kupima na kabla ya kutoka nyumbani.

Pembeni rudi kila baada ya wiki 2. Ukikaa mwezi mzima, upana umeongezeka karibu sentimita 2, na mpira umerudi palepale.