Kupunguza maneno bila kuvunja mwendo wa maandishi

Mwanafunzi anayeandika kazi yake ya kumaliza masomo kwa Kiswahili huambiwa mara nyingi apunguze sura fulani kwa nusu. Anaporudi, sura imekuwa fupi kweli, lakini inasomeka kama simu ya upepo. Makala haya yanakusudia kuonyesha maneno ya ziada hukaa wapi, na yapi hayafai kuguswa. Tutumie kifungu hiki, tulichokitunga kwa mfano wa vile tunavyovisahihisha:

«Katika kazi yetu hii tumefanya uchunguzi kuhusu suala la bei ya unga wa mahindi katika soko la mtaa wetu. Uchunguzi huu ulifanyika kwa njia ya kuwauliza maswali wauzaji ambao wanauza unga katika soko hilo. Wauzaji hao walitoa jibu la kwamba bei hiyo inakuwa na ongezeko katika kipindi cha masika, kwa sababu ya kwamba barabara zinakuwa katika hali mbaya na ya kuharibika. Hata hivyo, baadhi ya wauzaji hao walitoa wazo la kwamba labda sababu ni wachuuzi ambao wanaficha magunia.»

Kifungu kina maneno 78. Uzito wake unatoka hasa katika kitenzi kilichogeuzwa kuwa jina, kisha kikategemezwa na kitenzi kisicho na maana yake chenyewe: kufanya uchunguzi, kutoa jibu, kuwa na ongezeko. Ni sentensi zilizofikiriwa kwa Kifaransa. Turudishe kitenzi mahali pake, nasi tutapata kuchunguza, kujibu, kupanda. Mara moja viunganishi vilivyolifuata jina, kama «kuhusu suala la» na «la kwamba», vinakosa kazi na kuanguka vyenyewe.

Chanzo cha pili ni kurudia jina ambalo kiambishi kinatosha kulishika. «Wauzaji hao walitoa jibu» yatosha kuwa «walijibu», kwa maana wa- inawarudia wauzaji waliotajwa punde. Hapa lakini pana mtego. Kiambishi hu- cha mazoea hakina upatanisho wa ngeli. Tukiandika «walijibu kwamba hupanda», msomaji hajui ni nini kinachopanda. Kwa hiyo neno «bei» libaki.

Tukifuata njia hizo tunapata:

«Tumechunguza bei ya unga wa mahindi katika soko la mtaa wetu kwa kuwauliza wauzaji. Walijibu kwamba bei hupanda wakati wa masika kwa sababu barabara huharibika. Hata hivyo, baadhi yao walisema kwamba labda sababu ni wachuuzi wanaoficha magunia.»

Ni maneno 37, chini kidogo ya nusu. Sasa tulinganishe na kifungu cha mwandishi mwenye haraka:

«Tulichunguza bei ya unga. Bei hupanda masika. Barabara mbovu. Wachuuzi huficha magunia.»

Maneno ni 12, lakini kilichopotea si mapambo. «Kwa sababu» imeondoka, na msomaji hajui tena kama barabara ndizo zinazopandisha bei. «Walijibu» na «baadhi yao walisema» zimeondoka, hata maneno ya wauzaji yamegeuka kuwa matokeo ya mtafiti. Lililo baya zaidi, «labda» imefutwa: dhana ya watu wachache imekuwa shtaka juu ya wachuuzi wote. Maneno madogo ya namna hii ndiyo yanayobeba mwendo wa maandishi pamoja na ukweli wake. Mwandishi ayapigie mstari kabla ya kukata chochote.

Jambo moja latakiwa kuangaliwa katika kuhesabu. Kiswahili huweza kubana maneno mawili katika moja bila kupunguza sana urefu wa usemi. «Ambao wanaficha» ni maneno mawili yenye silabi saba; «wanaoficha» ni neno moja lenye silabi tano. Bali «tumefanya uchunguzi kuhusu» ina silabi 11, na «tumechunguza» ina tano tu. Anayehesabu maneno peke yake ataona faida kubwa mahali ambapo msomaji hakupumzishwa sana, na akizidisha kubana atazaa vitenzi vizito vinavyochosha kuliko «amba-» iliyoachwa wazi.

Mwisho, kifungu kilichopunguzwa kisomwe kwa sauti mbele ya mtu asiyeona kile cha kwanza. Akiuliza «nani alisema?» au «kwa nini?», hapo ndipo palipokatwa kupita kiasi, na neno lililoondolewa lirudishwe. Kifungu kisipofika nusu baada ya hapo, basi ziada yake haikuwa kubwa kama tulivyodhani. Kinachobaki ni kuchagua jambo zima la kuacha, si kuendelea kukwangua sentensi.