Kipande cha Mzizi Kilichobaki: Faili la Meno Linapotakiwa Kujibu

Mama mmoja, tumwite Mama Zuhura, aling'olewa gego miaka minne iliyopita. Leo yuko kliniki nyingine kwa ajili ya kuziba jino la jirani. Daktari anapiga picha ya eksirei, anaitazama, kisha anamgeuzia kioo cha kompyuta. Chini ya ufizi uliopona zamani, ndani ya mfupa wa taya, kuna kijipande cheupe.

"Mama, hii ni ncha ya mzizi. Uliambiwa kuwa ilibaki?"

"Hapana, dokta. Sikuambiwa kitu."

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini jambo lenyewe hutokea. Ncha ya mzizi kuvunjika wakati wa kung'oa si ajabu, hasa kwa magego yenye mizizi iliyopinda. Wala kuiacha si lazima kuwe uzembe. Vitabu vya upasuaji wa kinywa vinaruhusu ncha ibaki ikiwa ni ndogo, isiyozidi milimita 4 au 5, ikiwa imezama ndani ya mfupa, ikiwa haina maambukizi, na ikiwa kuichokonoa kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko kuiacha. Kuna sharti jingine: mgonjwa aambiwe, na jambo hilo liandikwe.

Sasa rudi kwenye kliniki ya kwanza, ufungue faili. Huenda ukakuta mstari mmoja: "Jino limeng'olewa. Dawa amepewa." Kwa maandishi hayo hakuna anayejua kama daktari aliiona ncha ikivunjika, kama alipiga picha, kama alisema neno. Mama Zuhura anaamini alifichwa. Daktari anaamini alimweleza, na huenda kweli alimweleza, lakini mama alikuwa na gozi mdomoni, ganzi imemshika hadi ulimini, na akili yake yote ilikuwa kwenye kwenda nyumbani. Tangu siku hiyo daktari ameng'oa meno mengi mno kuweza kuikumbuka asubuhi hiyo. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli kwa kadiri wanavyokumbuka.

Au huenda ukakuta maandishi kama haya. Kliniki zetu nyingi huandika kwa Kiingereza. Hapa nimeyaweka kwa Kiswahili:

"Jino 46. Ncha ya mzizi wa nyuma, takriban mm 3, imevunjika na kubaki. Picha imepigwa: ncha iko karibu na mfereji wa neva, hakuna weusi kuizunguka. Nimejaribu kuitoa mara moja, haikutoka. Nimeiacha kwa sababu kuendelea kunaweza kujeruhi neva ya mdomo wa chini. Mgonjwa ameelezwa, ameonyeshwa picha, amekubali. Damu imekata kabla hajaondoka. Arudi baada ya wiki 1. Picha nyingine baada ya miezi 6, au mapema akivimba au kuumwa."

Ni dakika mbili za kuandika. Lakini tazama zimebeba nini: kilichotokea, alichokiona daktari, alichoamua, sababu ya uamuzi, alichoambiwa mgonjwa, na kinachofuata. Ile sababu ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko vyote. Daktari anaandika alichofanya kwa mikono na kuacha alichofikiri kichwani, ilhali akiulizwa baadaye, swali litakuwa "kwa nini" kabla ya kuwa "nini". Mgonjwa naye ana faida yake papo hapo. Daktari yeyote atakayemwona baada ya hapo atajua kuwa kuna kitu cha kufuatilia, na hatakifukua bila kujua kuwa neva iko jirani.

Hiyo namba 46 inastahili maelezo, kwa sababu kosa baya kuliko kuacha ncha ni kung'oa jino lisilohusika. Katika mfumo wa kimataifa kinywa kimegawanywa sehemu nne: 1 ni juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia, na kulia huko ni kwa mgonjwa, si kwa daktari anayemtazama. Tarakimu ya pili ni nafasi ya jino ukihesabu kutoka katikati ya meno ya mbele. Kwa hiyo 46 husomwa "nne-sita", yaani jino la sita chini kulia, gego la kwanza. Meno ya utoto yana sehemu zake, 5 hadi 8. Tatizo ni kwamba Wamarekani wana hesabu yao ya 1 hadi 32. Kwao 16 ni gego la mwisho juu kushoto. Kwetu 16 ni gego la kwanza juu kulia. Barua ya rufaa inayosema "ng'oa 16" bila neno jingine inaweza kumpeleka mtu upande usio wake kabisa. Dawa yake ni rahisi: andika namba, kisha andika na maneno, "gego la kwanza juu kulia".

Namba peke yake haithibitishi kuwa jino lenyewe ndilo lililokuwa na ugonjwa. Maumivu ya meno ni madanganyifu. Jino la chini linaweza kuuma mtu akaapa ni la juu. Ndiyo maana faili zuri linaanza na maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema: "linanipiga usiku, nikinywa maji baridi linauma hata dakika tano." Halafu linaonyesha njia iliyomfikisha daktari kwenye jino hilo. Aligonga 46 kwa mpini wa kioo cha meno, likauma kidogo. Akagonga 45 na 47, hayakuuma. Aliweka pamba yenye baridi kali kwenye 46, maumivu yakabaki hata baada ya kuiondoa; majirani yalihisi baridi na kutulia mara moja. Picha ilionyesha uozo umefika kwenye kiini cha jino, na kwenye ncha za mizizi hakukuwa na weusi. Yale majirani yasiyouma yana uzito uleule wa jino linalouma, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha kwamba daktari alilinganisha kabla ya kukata shauri.

Vivyo hivyo kwa historia ya afya. Ukikuta nafasi ya mzio haijajazwa, unaelewa nini? Huenda mgonjwa hana mzio, huenda hakuulizwa. Faili linapaswa kusema "hana mzio wa dawa anaoujua", au, kwa Mama Zuhura, "penisilini: alitokwa vipele mwili mzima". Sentensi hiyo ndiyo itakayomzuia daktari wa zamu, siku mwenzake hayupo, asimwandikie amoksilini, ambayo ni ya ukoo uleule. Dawa anazotumia ziandikwe pia, hasa za kuzuia damu kuganda, pamoja na shinikizo la damu lililopimwa siku hiyo. "Presha iko sawa" haisaidii mtu, 138/86 inasaidia.

Kwenye ganzi wengi huandika neno hilohilo tu, "ganzi". Ganzi ni dawa, na dawa ina jina, nguvu na kipimo: lidokeini asilimia 2 yenye adrenalini 1:80,000, katriji 2 za ml 1.8, ilichomwa wapi, na kama sindano ilivutwa kwanza kuhakikisha haimo ndani ya mshipa. Katriji ya namna hiyo ina miligramu 36 za lidokeini. Kwa mtu mzima mbili si tatizo. Lakini mtoto wa kilo 15, kwa kikomo cha miligramu 4.4 kwa kila kilo, haruhusiwi kupita miligramu 66, na katriji mbili ni 72. Asipoandikwa uzito wake wala kiasi alichochomwa, hakuna anayeweza kusema kama alivushwa kikomo. Na Mama Zuhura akirudi siku ya pili akisema mdomo wa chini bado umekufa ganzi, aina ya sindano na mahali ilipochomwa ndivyo vitu vya kwanza kutafutwa kwenye faili.

Kuhusu ridhaa, sahihi kwenye fomu ni ushahidi dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Watu husaini fomu ya mapokezi pamoja na ya malipo bila kusoma. Kinachofaa ni kuandika chaguo walizozungumza: kutibu mzizi na kuweka kofia ya jino, kung'oa, au kutofanya kitu na hatari yake, kisha mgonjwa alichagua lipi na kwa nini. "Amechagua kung'oa kwa sababu ya gharama na safari nyingi" ni sentensi ya heshima. Inaonyesha aliyeamua ni yeye.

Sina huruma na maandishi ya kumsema mgonjwa. "Msumbufu", "hasikii" na mengine ya aina hiyo hayatibu jino, na mgonjwa akija kulisoma faili lake, hayo ndiyo atakayoyaona kwanza. Andika alichosema na alichofanya: "Amesema hakumeza dawa kwa kuwa zilimchafua tumbo." Ni hivyohivyo kwa daktari wa kliniki ya pili. Hakuwapo jino lilipong'olewa. Anaandika kuwa ameona ncha ya takriban mm 3 mahali pa 46, haina weusi, haiumi, mgonjwa anasema hakuwa na habari. Hukumu juu ya mwenzake haina nafasi kwenye ukurasa huo.

Yote haya yaandikwe siku ileile, mgonjwa akiwa bado anashuka kwenye kiti ikiwezekana. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, andika sahihi pembeni, tarehe na sahihi yako. Wino mweupe wa kufutia haufai. Ukikumbuka jambo kesho yake, liongeze chini kwa tarehe ya kesho hiyo na useme wazi ni nyongeza. Kinachowaangusha madaktari ni kulirekebisha faili baada ya malalamiko kufika. Mifumo mingi ya kompyuta huhifadhi nani alibadilisha nini na saa ngapi, na kwenye karatasi wino tofauti na maneno yaliyobanwa pembezoni hujulikana. Daktari ambaye huenda hakuwa na kosa la matibabu anajikuta akijibu swali la kughushi, na baada ya hapo hata yale aliyoyaandika kweli hayaaminiki.

Kwetu kuna jambo jingine: katika vituo vingi mgonjwa huandikiwa kwenye daftari lake mwenyewe, analirudisha nyumbani, na mvua au watoto wanalimaliza. Kituo kinatakiwa kibaki na kumbukumbu yake. Mgonjwa naye, kabla ya kuondoka, aombe aandikiwe namba ya jino kwa tarakimu na maneno, jina la ganzi na dawa, kama kuna kilichobaki kwenye taya, na tarehe ya kurudi. Aupige picha ukurasa huo kwa simu, na picha ya eksirei pia.