Umepiga Picha Jedwali la Sensa? Chunga 3 Isigeuke 8

Uko na karatasi ya sensa ya 2019 na hutaki kuandika namba moja moja? Fungua Excel kwa simu, tafuta Data from Picture, piga picha karatasi ikiwa imenyooka, bila kivuli cha mkono wako. Namba zitajipanga zenyewe kwa seli. Sasa kuna noma moja: simu inasoma maumbo tu, haijui hesabu.

Cheki laini ya Kaunti ya Nakuru. Wanaume 1,077,272, wanawake 1,084,835, huntha 95 (hiyo ndiyo sensa ya kwanza Kenya kuwahesabu), jumla 2,162,202. Kama zimeingia B2 hadi E2, andika hii kwa F2:

```
=B2+C2+D2-E2
```

Ikileta 0, laini imekubali. Ikileta 50, usipoteze time ukisoma kila tarakimu. Kosa liko kwa makumi, na tofauti ya 5 mara nyingi ni 3 iliyosomwa 8. Wanawake wamekuwa 1,084,885. Ikileta -95, basi safu ya huntha haikuingia. Na #VALUE! mara nyingi ni sifuri iliyogeuka herufi O. Ungetumia SUM, ingeiruka kimyakimya.

Lakini makosa mawili yanaweza kufutana, msee. Jumlisha pia kwenda chini: Naivasha, Gilgil, Molo na zile zingine zote lazima zifike jumla ya kaunti. Safu ikigoma, rudi kwa picha, ivute iwe kubwa, utumie macho.