Jumla Ndefu Iliyogeuka Eneo

Wanafunzi wa hisabati za juu hukutana na jumla moja inayoanza kwa upole. Chagua namba nzima yoyote, kwa mfano 10, kisha jumlisha sehemu kumi zinazoifuata: 1/11 + 1/12 + 1/13, hivyo hivyo mpaka 1/20. Jibu ni 0.6688. Ukichagua 100, sehemu zinakuwa mia moja, kuanzia 1/101 mpaka 1/200, na jumla yake ni 0.6907. Ukichagua 1000, inafika 0.6929. Swali ni hili: namba ya kuanzia ikizidi kukuzwa bila mwisho, jumla itatulia wapi?

Majibu mawili ya haraka hujitokeza, na yote si sahihi. La kwanza linasema ni sifuri, kwa kuwa kila sehemu inazidi kuwa ndogo. La pili linasema jumla itakua bila kikomo, kwa kuwa idadi ya sehemu inaongezeka kila mara. Kila jibu limetazama upande mmoja. Ukianzia 1000, zipo sehemu elfu moja. Hakuna inayofika 1/1000, na hakuna iliyo chini ya 1/2000. Kwa hiyo jumla haiwezi kushuka chini ya nusu, wala haiwezi kufika 1. Hali ni hiyo hiyo ukianzia milioni. Udogo wa sehemu na wingi wake vinakwenda kwa mwendo mmoja.

Kujua jibu liko wapi hasa kati ya nusu na moja kunahitaji kuiandika jumla upya. Ichukuliwe sehemu ya tatu, 1/13. Kumi na tatu ni kumi mara 1.3, kwa hiyo 1/13 ni sawa na 1/10 mara 1/1.3. Vivyo hivyo 1/11 ni 1/10 mara 1/1.1, na ya mwisho, 1/20, ni 1/10 mara 1/2. Kila sehemu imekuwa zao la namba mbili: moja ni ile ile kila mara, 1/10, na nyingine inabadilika hatua kwa hatua.

Zao la namba mbili ni eneo la mstatili. Hapo jumla inaanza kuchoreka. Kwenye mstari wa namba, nafasi kati ya 1 na 2 inagawanywa vipande kumi, kila kimoja kikiwa na upana wa 1/10. Juu ya kila kipande unasimama mstatili mwembamba. Wa kwanza, unaoishia 1.1, una kimo cha 1/1.1, wa mwisho, unaoishia 2, una kimo cha 1/2. Vimo hivyo vyote vinasomwa kwenye mchoro mmoja, ule wa y = 1/x, mstari uliopinda unaoteremka kutoka kushoto kwenda kulia. Mistatili hiyo kumi inashuka kama ngazi, na eneo lake lote kwa pamoja ni ile jumla ya mwanzo, 0.6688.

Kwa kuwa mstari unateremka na kimo kimepimwa kwenye ukingo wa kulia wa kila kipande, ngazi yote iko chini ya mstari. Kila mstatili unaacha upenyo mdogo juu yake, kwa hiyo 0.6688 ni pungufu ya eneo halisi lililo chini ya mstari. Kimo kikipimwa kwenye ukingo wa kushoto, mistatili inapita juu ya mstari, na jumla yake ni 1/10 + 1/11 + 1/12 mpaka 1/19, yaani 0.7188. Eneo halisi limebanwa katikati.

Jumla hizi mbili zinatofautiana kwa vipande viwili tu. Ile ya juu ina 1/10 ambayo ya chini haina, na ya chini ina 1/20 ambayo ya juu haina. Tofauti ni 0.05. Vipande vikiwa elfu moja, tofauti inakuwa 0.0005, vikiwa milioni, inakuwa 0.0000005. Eneo limebaki pale pale huku jumla zote mbili zikisogea kulikaribia, moja kutoka chini na nyingine kutoka juu. Kikomo cha jumla, basi, ni eneo lenyewe. Wanahisabati huliita eneo hilo integrali, na huliandika hivi:

∫₁² (1/x) dx

Alama ya mwanzo ilibuniwa na Gottfried Leibniz mwaka 1675. Ni herufi S iliyorefushwa, ya neno la Kilatini lenye maana ya jumla. Katika maandishi hayo, 1/x ni kimo cha mstatili na dx ni upana wake. Namba 1 na 2 zinaonyesha vipande vinaanzia na kuishia wapi.

Faida ya kuhama kutoka jumla kwenda eneo ni kwamba eneo hili lilikwisha kuchunguzwa kabla ya Leibniz. Mwaka 1647 Grégoire de Saint-Vincent alichapisha kazi yake kuhusu mstari huu. Alionyesha kuwa eneo kutoka 1 hadi 2 ni sawa na eneo kutoka 2 hadi 4. Mistatili yenyewe inaonyesha sababu: ukisogea kutoka 1.3 hadi 2.6, upana wa kipande unaongezeka mara mbili na kimo kinapungua kwa nusu, kwa hiyo zao halibadiliki. Miaka miwili baadaye Alphonse Antonio de Sarasa akatambua kuwa maeneo haya yanafuata tabia ya logi: namba zikizidishwa, maeneo yanajumlishwa. Eneo kutoka 1 hadi 2 ni logi asilia ya 2, yaani 0.693147. Hapo ndipo jumla ya mwanzo inapotulia.

Mwaka 1854 Bernhard Riemann aliipa njia hii sura pana zaidi. Kimo kinaweza kupimwa popote ndani ya kipande, kushoto, kulia au katikati. Mstari ukiwa haujakatika, na vipande vyote vikizidi kuwa vyembamba, kikomo ni kile kile. Hata wastani wa zile jumla mbili za vipande kumi tu unatoa 0.6938, karibu sana na jibu. Wastani huo ndio kanuni ya trapeza inayofundishwa katika sekondari za Kenya.

Si kila jumla inayofanana na hii inakubali kugeuzwa hivyo. Mfano ni 1/√101 + 1/√102, mpaka 1/√110. Ukitoa 1/10 nje ya kila sehemu, unabaki na 1/√1.01, 1/√1.02, mpaka 1/√1.10. Dalili ya tatizo iko wazi: mistatili ina upana wa 0.1, lakini sehemu za kupimia vimo zimeachana kwa 0.01 tu. Upana na hatua havilingani, kwa hiyo hakuna eneo linalofunikwa. Kadiri namba ya kuanzia inavyokuzwa, sehemu zote za kupimia zinasongamana karibu na 1, na kila kimo kinakaribia 1. Jumla hii nayo ina kikomo, ila hakipatikani kwa integrali. Kwa kumi, iko kati ya 10/√110 na 10/√101, yaani kati ya 0.9535 na 0.9950, kuta hizo mbili zikisogezwa, zote zinafika 1.