Kivuli Kwanza, Taswira Baadaye

Mwakisiko wa nukta katika mstari ni pale nukta hiyo ingeangukia kama karatasi ingekunjwa juu ya mstari wenyewe. Karatasi ya grafu ikichorwa mstari, ikakunjwa hapo hapo na kutobolewa kwa pini, hutoka na matundu mawili inapokunjuliwa: moja ni nukta, la pili ni taswira yake. Rula ikiunganisha matundu hayo, huukata mstari wa mkunjo kwa pembe mraba, tena katikati kabisa.

Hapo katikati ndipo penye siri. Ni mahali ambapo nukta ingetupa kivuli chake juu ya mstari kama mwanga ungepiga kwa pembe mraba, na wanahisabati hukiita kivuli hicho projeksheni. Anayejua kivuli kilipo amekwisha kujua taswira ilipo, kwa kuwa kutoka nukta hadi kivulini ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni hatua ile ile, kwa upande ule ule.

Tuseme mstari unapita kwenye chanzo (0, 0) na kwenye (2, 1), na nukta ni (1, 3). Mwelekeo wa mstari ni vekta (2, 1). Kivuli hupatikana kwa kuzidisha nukta na mwelekeo, namba kwa namba, na kujumlisha: 2×1 + 1×3 = 5. Jumla hiyo hugawanywa kwa mwelekeo uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe: 2×2 + 1×1 = 5. Jibu ni 1, kwa hiyo kivuli ni mwelekeo mara moja, yaani (2, 1). Kutoka (1, 3) hadi hapo ni kwenda kulia 1 na kushuka 2. Hatua hiyo ikirudiwa, taswira inaangukia (3, −1).

Kwa nukta moja hesabu hiyo inatosha. Kwa nukta mia, kazi yote hutiwa ndani ya matriksi moja, P, ambayo huipeleka nukta yoyote kwenye kivuli chake. Namba zake ni mazao ya 2 na 1, yaliyogawanywa kwa ile 5:

```
P = 1/5 [ 4  2 ]
        [ 2  1 ]
```

Nukta ikiitwa v, hatua ya kwenda kivulini ni Pv − v. Ikichukuliwa mara mbili kuanzia v, hufika 2Pv − v. Kwa hiyo matriksi ya mwakisiko ni R = 2P − I, ambapo I ni matriksi isiyobadili kitu:

```
R = 1/5 [ 3   4 ]
        [ 4  -3 ]
```

Ikipewa (1, 3), safu ya juu hutoa (3 + 12)/5 = 3, na ya chini (4 − 9)/5 = −1. Ni taswira ile ile.

Kosa linalowanasa wengi ni kusahau kugawanya kwa 5, nalo ni la hila kwa sababu mchoro haulifichui upesi. Kivuli cha (1, 3) hutoka (10, 5), na nukta hiyo kweli iko juu ya mstari, ila imerushwa mbali mara tano. Dawa yake ni kujaribu nukta iliyo juu ya mstari tayari. Isiyo na umbali kutoka mkunjoni haina pa kwenda, kwa hiyo R sahihi huiacha (2, 1) ilipo. Isiyogawanywa huitupa hadi (18, 9). Jaribio jingine ni kuakisi mara mbili. Taswira (3, −1) ikirudishwa kwenye R, lazima irejee (1, 3), kama karatasi inayokunjuliwa.

Wapo pia wanaogeuza mpangilio wakaandika I − 2P. Hiyo nayo ni mwakisiko halali na hupita jaribio la kuakisi mara mbili bila tatizo, lakini kioo chake ni mstari mwingine, ule unaoukata wa kwanza kwa pembe mraba kwenye chanzo. Hapo (2, 1) hugeuka (−2, −1), na kosa linaonekana.

Njia hii ina mpaka wake. Matriksi yoyote huiacha (0, 0) ilipo, hivyo mstari usiopita kwenye chanzo hauwezi kuakisiwa kwa R peke yake. Mstari wa mfano ukipandishwa kwa 3, kila kitu hushushwa kwanza kwa 3, kikaakisiwa, kisha kikapandishwa tena. Nukta (1, 6) hushuka kuwa (1, 3), R huipeleka (3, −1), nayo ikipanda hutua (3, 2).