Kichwa Kilichouma kwa Mpigo Mmoja

Msomaji mmoja ametuandikia akiuliza: kichwa kikimuuma sana, atajuaje kama ni uchovu tu au kuna mshipa uliopasuka? Anadhani jibu limo katika ukali wa maumivu. Ukali ni muhimu, lakini swali linalotenganisha zaidi ni la muda: tangu kichwa kilipoanza kuuma hadi kilipofika kilele, ulipita muda gani?

Kichwa cha mkazo, kile cha jioni baada ya kazi nyingi, hupanda polepole. Hubana pande zote mbili, kinaweza kudumu nusu saa au siku kadhaa, lakini kwa kawaida hakitapishi wala hakizidi mtu anapopanda ngazi. Sitakaa hapo.

Kile kingine madaktari hukifananisha na radi, nami nitakiita kichwa cha radi, maana “kichwa cha ghafla” hakitoshi. Hata kichwa cha mafua huanza ghafla. Hiki hufika kileleni ndani ya dakika moja, mara nyingi ndani ya sekunde. Sababu yake inayoogopwa zaidi ni kifuko kilichoota kwenye ateri chini ya ubongo kikapasuka, na damu ikamwagika katikati ya tando zinazoufunika.

Umewahi kuona tairi la baiskeli lililochanika ubavuni? Tyubu huchungulia pale na kufanya kitumbo. Upepo ni uleule tyubu nzima, lakini kitumbo kikishatokeza, ngozi yake inavutwa kuliko ya kwingine. Ikivutwa inakuwa nyembamba, na ikiwa nyembamba inavutika kwa urahisi zaidi, hivyo kitumbo kinajirahisishia kazi ya kukua. Kwenye ateri pia ni hivyo, hasa kwenye panda za lile duara la mishipa ambalo daktari Mwingereza Thomas Willis alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664. Hapo kwenye panda damu huupiga ukuta kwa kila pigo la moyo. Hata hivyo, vifuko vingi havipasuki kamwe, na wenye navyo hawajui kama wanavyo.

Kikipasuka, kinachofuata ni hesabu ya shinikizo. Ndani ya ateri damu husukumwa kwa wastani wa milimita 90 hivi za zebaki, ilhali maji yanayouzunguka ubongo yana kama 10 tu. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Damu ikiruka nje, shinikizo ndani ya fuvu hupanda ghafla na linaweza kukaribia lile la ateri. Hapo damu inakosa pa kwenda, uvujaji unapungua, na tundu linapata nafasi ya kuzibwa na damu iliyoganda. Kwa hiyo fuvu lililofungwa linaweza kumwokoa mtu asivuje hadi mwisho. Lakini ndilo pia linalomwangusha, kwa kuwa shinikizo hilohilo huzuia damu mpya kuingia ubongoni, na wengine huzimia papo hapo. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Zinazouma ni tando na mishipa yake, nazo zimeshtuliwa zote kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa mpishi wa miaka 52. Anainua sufuria kubwa, na kabla hajaitua kisogo kinalipuka kwa maumivu ambayo hajawahi kuyapata. Anatapika, mwanga unamuumiza. Anameza dawa, na baada ya saa mbili anapata nafuu kidogo. Mtego uko hapo: nafuu ya dawa haithibitishi kwamba hakuna damu iliyovuja. Shingo nayo huenda bado inakunjika vizuri, kwa sababu mara nyingi hukakamaa baada ya saa kadhaa, damu ikishazichokoza tando. Kope moja ikilegea na mboni ya jicho hilo ikapanuka, huenda kifuko kinabana neva ya jicho. Kesho yake tundu linaweza kufunguka tena, na safari ya pili huua zaidi.

Si kila kichwa cha radi ni damu, lakini hilo huamuliwa hospitalini. Na kichwa chenye homa na shingo ngumu, kuchanganyikiwa, udhaifu wa upande mmoja, au kilichofuata kuanguka, nacho hakisubiri hata kama kilipanda polepole.

Usimpe mgonjwa wa namna hii aspirini, kwa kuwa hupunguza uwezo wa damu kuganda. Mpeleke hospitali asiendeshe gari mwenyewe, na umwambie daktari saa kamili maumivu yalipoanza. Ndani ya saa 6 za kwanza, skani nzuri ya CT ikisomwa na mtaalamu ni nadra sana kuikosa damu hiyo. Muda ukizidi, damu hufifia kwenye picha, na huenda ikabidi achukuliwe maji ya uti wa mgongo, ambayo baada ya saa 12 huonyesha umanjano wa chembe za damu zilizovunjika.